Fundi, limefikia wapi? Meseji tatu za kumuulizia fundi kwa heshima, na ipi inakufaa

Una meseji fupi ya Kiingereza, mistari miwili tu, inamuuliza fundi cherehani au fundi gari kama kazi iko tayari, na unataka kuiweka kwa Kiswahili bila kuonekana una haraka wala dharau. Ukikaa kuiandika unajikuta na matoleo matatu kichwani na yote yanaonekana sawa tu, moja linauliza moja kwa moja, lingine linazunguka kwanza, la tatu halina hata alama ya kuuliza. Watu wengi wanachagua kwa kuangalia lipi lina samahani nyingi zaidi. Mimi naona hicho siyo kipimo kizuri, maana tofauti kubwa ya hizi meseji ipo kwenye jibu utakalorudishiwa.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mwanzo mwisho. Gauni la kijani, fundi aliahidi Jumatano, leo ndiyo hiyo Jumatano na kimya, na wewe unalihitaji Ijumaa asubuhi. Meseji zenyewe ni hizi:

Ya kwanza, swali la moja kwa moja:
"Habari za kazi fundi. Lile gauni langu la kijani liko tayari? Nalihitaji Ijumaa asubuhi. Asante."

Ya pili, kuulizia lilipofikia:
"Habari za kazi fundi, samahani kwa usumbufu. Naomba kuulizia lile gauni langu la kijani, limefikia wapi? Ijumaa asubuhi nina shughuli nalo. Asante sana."

Ya tatu, kutoa taarifa kwamba unakuja:
"Fundi habari za kazi. Alhamisi saa kumi jioni nitapita kulichukua lile gauni la kijani. Kama litakuwa bado naomba unijulishe kabla sijatoka. Asante."

Tunazipima kwa nini

Nazipima kwa vitu vinne. Kwanza heshima, yaani fundi akiisoma anajisikiaje, maana ana wateja wengine na wewe si peke yako unayemuuliza leo. Pili aina ya jibu, je utapata ndiyo au hapana, au utapata habari ya kazi ilipofikia, au utapata ahadi. Tatu, nafasi ya kukukwepa, kwa sababu jibu kama "bado kidogo" ni jepesi mno kulitoa na wewe unabaki pale pale. Nne, siku yako ya mwisho inafika kichwani mwa fundi au inapotea katikati ya salamu.

Ila kabla ya kulinganisha kuna mambo ambayo yote matatu yanashirikiana, ukiyakosea hapo hata uchague toleo gani litaharibika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Yasiyobadilika kokote utakakochagua

Salamu siyo pambo. Meseji ya Kiingereza inaweza kuanza na neno moja la salamu ikaingia kwenye swali hapo hapo, kwa Kiswahili ukifanya hivyo kwa mtu anayekufanyia kazi unasikika kama unadai deni. "Habari za kazi" inatosha, siyo lazima uulize za nyumbani na za watoto kwenye meseji. Kama fundi ni mtu mzima wa rika la wazazi wako, "shikamoo fundi" inakwenda mbele, kisha hiyo "habari za kazi" si lazima tena. Na neno "fundi" lenyewe ni la heshima, halihitaji kubadilishwa. Kama mmezoeana kwa kaka, dada, anko au mama, endelea na mazoea yenu, usije ukageuka ghafla kuwa rasmi kwa sababu tu umechelewewa, atajua umekasirika.

Heshima kwenye hizi meseji inabebwa na "naomba" zaidi ya "tafadhali". Hapa ndipo wengi wanaotafsiri neno kwa neno wanapoteleza, wanaandika "tafadhali niambie kama gauni langu liko tayari" wakidhani wamepunguza ukali, kumbe hiyo bado ni amri iliyovalishwa neno zuri, inafanana na vibao vya ukutani vinavyokuambia tafadhali usiegemee hapa. "Naomba kuulizia" au "naomba unijulishe" inashuka taratibu zaidi. Vile vile "unaweza kuniambia kama..." inaeleweka, ila haina adabu ya ziada kama mtu anavyofikiri, inauliza uwezo wake wa kusema wakati uwezo huo anao tangu zamani.

Jambo lingine ni nani au nini unakiuliza. Angalia tofauti ya "umelimaliza?" na "liko tayari?" au "limeisha?". Ya kwanza inamshika mtu, wewe fundi umemaliza au hujamaliza, ajitetee. Hizo nyingine zinauliza gauni. Gauni ndilo liko tayari au haliko, fundi anabaki pembeni na anaweza kukuambia ukweli bila kujiona mshtakiwa. Ni jambo dogo sana la sarufi, kubadilisha tu kiambishi cha mbele na kitenzi chake, lakini ukitaka adabu bila kurefusha meseji hii ndiyo njia rahisi kuliko zote. Na uepuke kabisa kuanza na "bado" au "kwani", yaani "bado hujamaliza?" au "kwani gauni langu haliko tayari?", hizo ni lawama hata ukiweka vikopa vya moyo mwishoni.

Halafu upatanisho. Gauni, shati na koti ni "liko tayari", "limefikia wapi". Suti, suruali, sketi na kanzu ni "iko tayari", "imefikia wapi", zikiwa nyingi "ziko tayari". Gari kwa vitabu ni "liko tayari" ila mitaani utasikia watu kibao wanasema "gari yangu iko tayari" na hakuna fundi atakayekusahihisha. Kama huna uhakika wa nguo yako inakwenda na kiambishi gani, sema "kazi yangu imefikia wapi", au "nguo yangu imefikia wapi", utakuwa salama. Lakini basi ongeza kitu cha kuitambulisha, "ile ya kijani", "ile yenye mikono mirefu", maana fundi ana rundo la vitambaa na jina lako kwenye simu yake huenda limehifadhiwa vingine kabisa au halipo.

Sasa siku na saa, hapa ndipo hasara halisi inapotokea. Ukiandika "nalihitaji hadi Ijumaa" fundi anaweza kuelewa una shida nalo mpaka Ijumaa halafu basi, au kwamba yeye ana muda mpaka Ijumaa iishe, na Ijumaa inaisha usiku. Wewe ulimaanisha Ijumaa asubuhi liwe mkononi. Andika hivyo hivyo, "Ijumaa asubuhi niwe nalo", au taja siku moja nyuma, "Alhamisi jioni nije kulichukua". "Ijumaa ijayo" nayo iache, kuna mtu kwake ni hii inayokuja na kuna mtu kwake ni ya wiki nyingine, weka "Ijumaa hii" au tarehe. Na saa usizihamishe kama zilivyo kwenye simu. Simu ikikuonyesha 4:00 za jioni, kwa Kiswahili hiyo ni saa kumi jioni, ukiandika "saa 4" fundi atasoma saa nne, na saa nne ya asubuhi utakuwa hujafika, ya usiku kafunga. Andika kwa maneno na utaje asubuhi, mchana au jioni.

Kitu cha mwisho cha pamoja ni urefu. Kama unatuma meseji ya kawaida, siyo ya intaneti, moja inabeba herufi 160 ukihesabu na nafasi. Zote tatu hapo juu zinaingia, ya kwanza ina 96, ya tatu 148, ya pili 152. Ila ukiweka kikatuni kimoja tu cha uso unaocheka, au ile alama ya ng' iliyopinda ambayo baadhi ya simu zinaiweka zenyewe, uwezo unashuka hadi herufi 70 na meseji yako inakatwa vipande, unalipia zaidi ya moja, na kwenye simu nyingine za zamani vinaweza kufika vimeachana. Kwa hiyo kwa fundi mwenye simu ya vibonye andika herufi za kawaida tu.

Ya kwanza: "liko tayari?"

Kwa heshima iko sawa, haina tatizo lolote, watu wanaidharau bure kwa sababu ni fupi. Salamu ipo, fundi ametajwa kama fundi, kilichoulizwa ni gauni, asante ipo. Kwa fundi mliyezoeana hii ndiyo inayosikika ya kawaida zaidi, ukimwandikia ndefu yenye samahani mbili atajiuliza kuna nini.

Jibu lake ni ndiyo au bado. Hapo ndipo nguvu yake na udhaifu wake vinapokaa pamoja. Kama gauni kweli limeisha unajua ndani ya dakika moja, mambo yamekwisha. Kama halijaisha, swali la ndiyo au bado linamruhusu kujibu "bado kidogo" na humo ndani ya "kidogo" kunaweza kuwa na vifungo viwili au kunaweza kuwa na kitambaa ambacho hakijaguswa na mkasi. Nafasi ya kukwepa ni kubwa. Tena kuna wale ambao wanaogopa kusema bado, wanakujibu "liko tayari" halafu wanakimbia kulishona wakitegemea utachelewa kuja. Ukifika unalikuta kwenye cherehani.

Siku ya mwisho inafika vizuri kwa sababu sentensi yake imesimama peke yake, "Nalihitaji Ijumaa asubuhi", hakuna cha kuificha. Ukiona kama "nalihitaji" ni kavu, "nitalivaa Ijumaa asubuhi" inasema lile lile kwa upole zaidi na inampa sababu. Ila "nataka gauni langu Ijumaa" hapana, kwa mtu ambaye siku aliyoahidi ndiyo kwanza leo, hiyo ni kumfokea.

Inamfaa mtu ambaye ana sababu ya kuamini kazi imeisha, siku ya ahadi imefika, fundi ana historia ya kutimiza, unachotaka ni uhakika tu ili usipoteze safari.

Ya pili: "limefikia wapi?"

Hii ndiyo laini kuliko zote, na siyo kwa sababu ya ile samahani ya mwanzo. Ukiuliza "limefikia wapi" umeshakubali kimyakimya kwamba huenda halijaisha, kwa hiyo fundi hana haja ya kudanganya ili kulinda uso wake, anakueleza tu. Samahani moja inatosha, ukiweka mbili na "naomba sana" na "tafadhali" juu yake inageuka kuwa kubembeleza, na mtu anayebembelezwa anajua anaweza kukusogeza mbele kidogo wengine wanaodai kwa sauti wakahudumiwa kwanza.

Jibu lake ni hatua. "Nimeshakata", "nimeunga bado mikono", "limebaki pindo na zipu", "nasubiri kulipiga pasi tu". Ukiijua kazi kidogo unaweza kupima mwenyewe. Pindo, vifungo na pasi ni mambo ya kumalizia, Alhamisi anaweza. "Nimeshakata" leo Jumatano bado inawezekana kama gauni ni la kawaida, lakini kama lina darizi au bitana ndani, hapo uanze kufikiria utavaa nini kingine. Akijibu "nipo nalo" au "namalizia" bila kutaja sehemu yoyote ya gauni, hujapata hatua, umepata neno la kukutuliza. Mtu anayeshona kitu anajua kimebaki nini, hahitaji kufikiri.

Kwa hiyo nafasi ya kukwepa ipo ila ni ndogo, na akikwepa unamwona anavyokwepa.

Udhaifu wake upo kwenye siku ya mwisho. Sentensi ya "Ijumaa asubuhi nina shughuli nalo" inakuja baada ya maneno mengi laini na fundi mwenye haraka anaweza kusoma salamu na swali akajibu hapo hapo. Ukiona siku ndiyo muhimu kuliko yote, ipandishe juu ya swali: "Ijumaa asubuhi nina shughuli na lile gauni langu la kijani, naomba kuulizia limefikia wapi?" Ni maneno yale yale ila uzito umehama.

Inamfaa mteja mgeni, au mtu mwenye fundi mtu mzima, au kazi kubwa yenye hatua nyingi, na pia yule anayeuliza kabla ya siku ya ahadi kufika. Hapo "liko tayari?" ingekuwa ni kumharakisha bila haki, lakini "limefikia wapi?" unaruhusiwa kuuliza siku yoyote.

Ya tatu: "nitapita kulichukua"

Wengine wanaiona ni ya kijeuri kwa sababu haina swali, mimi sikubaliani kabisa. Haiulizi kama ametimiza wala haimtaji kwa kosa lolote, inachukulia kwamba aliahidi na ahadi ipo, ikimpa saa na ikimwachia mlango, "kama litakuwa bado naomba unijulishe". Heshima yake ni ya kumwamini. Ukali unaingia pale tu unapoubomoa ule mlango, ukaandika "Alhamisi nakuja, nilikute", hapo sasa ni kitisho.

Jibu lake ni ahadi. Fundi akijibu "sawa karibu" amejifunga mwenyewe kwa saa uliyotaja. Na akijua kazi haijaanza, hii ndiyo meseji inayomfanya ashike simu aseme, kwa sababu kukuacha uje bure ni aibu kubwa zaidi kwake kuliko kusema bado. Kwa upande wa siku ya mwisho haishindwi, maana siku yenyewe ndiyo habari kuu, na umeiweka Alhamisi, siku moja kabla ya kulihitaji, bila hata kumwambia kwamba Ijumaa ipo. Hilo ni la makusudi. Gauni hulichukui tu, unalijaribu, na likibana mabegani unahitaji saa kadhaa za kulifungua na kulishona upya.

Hatari yake ni ukimya. Usipojibiwa, usihesabu kwamba ukimya ni ndiyo. Huenda hajaisoma, huenda simu haina chaji, huenda anajikaza hadi saa kumi. Kwa hiyo hii meseji inakuhitaji upige simu kabla hujatoka kama hakuna jibu, na kama hutaki kupiga simu usiitumie. Pia haifai kazi ambayo hujui itaisha lini, huwezi kumpangia saa ya kuchukua mtu ambaye bado anasubiri kitambaa cha bitana.

Inamfaa anayetoka mbali, mwenye tarehe isiyosogea, na yule ambaye fundi wake ni mtu mzuri mwenye mkono mzuri lakini msahaulifu.

Kwa fundi gari mambo yanageuka kidogo

Nimetumia gauni kwa sababu gauni lote liko mikononi mwa fundi. Gari siyo hivyo. Umepeleka gari kwa ajili ya breki, fundi akafungua tairi akakuta pedi zimekwisha na diski nayo imekwaruzika, sasa kazi imebadilika na anahitaji spea ambayo huenda duka halina leo. Ukimuuliza "gari iko tayari?" atasema bado, na hiyo bado haikusaidii kitu kwa sababu hujui kama ni bado ya kufunga tairi au bado ya spea.

Kwa hiyo toleo la pili kwa gari linahitaji mkia wake: "Habari za kazi fundi, samahani. Naomba kuulizia ile gari ya breki, imefikia wapi? Spea zimepatikana, na kuna kilichoongezeka?" Swali la spea linatenganisha kuchelewa kwake na kuchelewa kwa duka, na fundi anapenda kuulizwa hivyo kwa sababu unaonyesha unajua siyo kila kuchelewa ni uzembe wake. Swali la kilichoongezeka linakulinda usifike ukakuta kazi mpya imefanyika na unatakiwa kuilipia.

Halafu neno tayari. Kwa fundi gari tayari inaweza kuwa "nimefunga" na inaweza kuwa "nimefunga na nimejaribu barabarani", na kwa breki hizo ni mbali mbali sana. Baada ya kufungua njia za mafuta ya breki lazima upepo utolewe, ukibaki ndani pedali inazama laini chini ya mguu, na hilo linajulikana pedali ikikanyagwa siyo kwa kulitazama gari tu. Basi akikuambia tayari, mwongezee kwa upole, "Asante fundi, umeshaijaribu barabarani?" Haisikiki kama kumkagua, ni swali la kawaida gereji yoyote.

Hata kwa cherehani kuna tayari mbili, tayari ya kujaribu na tayari ya kuchukua. Kama gauni linatakiwa lijaribiwe kabla ya kumaliziwa, acha kuuliza kama liko tayari, uliza "naomba nijue lini nije kulijaribu fundi?" Utapata siku ya karibu zaidi, na siku hiyo yenyewe inamlazimu awe ameshaliunga.

Akishajibu

Turudi Jumatano yetu. Umetuma ya pili, jibu limekuja: "Namalizia." Haina sehemu ya gauni ndani yake. Unajibu: "Sawa fundi, nashukuru. Kimebaki nini, pindo au zipu? Nataka nijue kama kesho jioni nije kulijaribu." Umempa majibu mawili mepesi ya kuchagua, na kama ukweli ni mkubwa kuliko hayo mawili, ndiyo atausema, "hapana kwa kweli mikono bado". Hapo hujamwambia anadanganya popote.

Kama ni kwenye intaneti mtu anaweza kuomba picha. Ukiandika "nitumie picha" inasikika kama humwamini, "nitumie kapicha fundi nilione lilivyotoka" inasikika kama una hamu nalo, na kwa kweli zote zinakuletea picha ile ile.

Akiomba siku zaidi na wewe unaweza kumpa, mpe siku yenye jina: "Haina shida fundi, basi tuseme Alhamisi saa kumi jioni." Ukimwambia "sawa hamna shida" peke yake umefuta tarehe yote, na mazungumzo yataanza upya wiki nyingine.

Meseji mbili bila jibu, acha kuandika. Ya tatu haitakuwa na adabu zaidi ya ya pili hata ujitahidi vipi, piga simu au pita mwenyewe.

Uchague ipi, kwa hali yako

Siku ya ahadi imefika, fundi ni wa kuaminika na mmezoeana: ya kwanza, usijichoshe.

Siku ya ahadi bado na wewe una wasiwasi tu: ya pili, na uitume asubuhi kabla hajaanza kazi ya mwingine, usiku inasomwa na kusahauliwa.

Fundi ni mkubwa kwako au ndiyo mara ya kwanza: ya pili tena, na shikamoo mbele kama umri unadai.

Una tarehe isiyosogea: ya tatu, ukitaja siku moja kabla ya ile unayoihitaji kweli. Ikibaki saa moja kabla ya kutoka na hakuna jibu, piga.

Ameshapitisha ahadi mara moja na hutaki ugomvi: changanya ya pili na ya tatu, "Fundi habari za kazi. Naomba kujua gauni la kijani limefikia wapi, ili nijue kama nipite Alhamisi saa kumi jioni." Inauliza na inajifunga kwa wakati mmoja, na neno "ahadi" halijatajwa.

Ni gari na hujui tatizo lilikuwa kubwa kiasi gani: ya pili yenye mkia wa spea, ya tatu usiiguse mpaka akuambie spea ziko mkononi.

Unamwandikia kwa niaba ya mtu mwingine, mfano bosi au mgeni asiyejua Kiswahili: anza kwa kusema wewe ni nani na kazi ni ya nani, "Habari za kazi fundi, nauliza kwa niaba ya mwenye ile suti nyeusi, imefikia wapi?", maana namba yako haijui na asipoijua hajibu.